Baksteping kwa tanki na pampu: maswali yanayorudi kila mwaka

Kila mwaka, tukifika kwenye mifumo isiyo ya mstari, naulizwa maswali yale yale. Mengine huulizwa mlangoni mwa oditwari somo likiisha, mengine huja usiku kwenye simu, siku moja kabla ya mtihani. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Mfano ni mmoja toka juu mpaka chini: tanki la maji la mtaa hapa Goma, linalojazwa na pampu huku watu wakichota kwa mabidoni. Namba zake nimezipanga mwenyewe ili zihesabike kwa urahisi. Si za tanki la mtu fulani.

## Mwanzo kabisa

1. Baksteping ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni njia ya kutengeneza kidhibiti pale ambapo kitu unachotaka kukitawala hukigusi moja kwa moja. Unataka maji ya tanki yakae kwenye mita 1. Kinachobadilisha kimo cha maji ni mtiririko unaoingia. Lakini hata huo mtiririko hauushiki mkononi: unaipa pampu amri, na pampu inachukua muda kuitii.

Kwa hiyo unaanza mbali na mkono wako, kwenye tanki. Unajifanya mtiririko ni wako na unajiuliza: ningekuwa nao, ningeuamuru uwe kiasi gani? Ukishapata jibu unarudi hatua moja nyuma, kwenye pampu, na kuuliza: niiamuru nini ili mtiririko wa kweli uufuate ule niliouwaza? Jina la mbinu limetoka kwenye kule kurudi nyuma. Ilipata umbo lake karibu na mwaka 1990, katika kazi za Petar Kokotović na wenzake.

2. Hivyo "vikusanyaji viwili mfululizo" ni vipi?

Ndivyo ambavyo silabusi zetu huviita entegrateri. Kikusanyaji ni kitu chenye kumbukumbu: hali yake ya sasa ni jumla ya yaliyoingia na kutoka huko nyuma. Tanki ni kikusanyaji cha maji, na pampu yenye mota nzito ni kikusanyaji cha mwendo. Ni mfululizo kwa sababu amri u inaingia kwenye pampu, na mtiririko q wa pampu unaingia kwenye tanki:

```
A · dh/dt = q − c·√h
τ · dq/dt = u − q
```

h ni kimo cha maji, A ni eneo la kitako cha tanki, τ ni muda wa kuchelewa kwa pampu. Ile c·√h ni maji yanayotoka chini kwenda kwenye mabomba. c ni namba inayoonyesha mabomba yamefunguliwa kiasi gani. Maji hayo yanafuata mzizi wa pili wa kimo, si kimo chenyewe, na hapo ndipo mfumo unapoacha kuwa wa mstari.

3. Funksheni ya Lyapunov inafanya kazi gani humu?

Ichukulie kama daftari la deni. V ni namba moja inayosema mfumo uko mbali kiasi gani na pale unapotakiwa kutulia: ni sifuri ukiwa pale hasa, na ni kubwa kuliko sifuri kwingine kote. Ukiweza kuonyesha kwamba V inashuka kila sekunde, basi deni litalipika, na huhitaji kutatua milinganyo ili kujua hilo. Wazo hili ni la Aleksandr Lyapunov, aliyeliandika mwaka 1892.

Tatizo la Lyapunov ambalo kila mwanafunzi analijua ni kwamba hakuna anayekuambia V uitoe wapi. Baksteping inajibu swali hilo: unaijenga kipande kwa kipande, kikusanyaji kimoja kwa hatua moja, na kidhibiti kinazaliwa humo humo.

## Hatua ya kwanza: tanki peke yake

4. Ile "amri ya kubuni" naichaguaje?

Andika kosa e = h − h\*, ambapo h\* ni kimo unachokitaka. Ili maji yasimame pale, mtiririko unaoingia lazima ulingane na unaotoka, yaani q\* = c·√h\*. Deni la kwanza ni

```
V1 = e²/2
```

Sasa jifanye q iko mikononi mwako, na uipe jina α ili usiichanganye na q ya kweli. Mimi nachagua

```
α = q* − k1·A·e
```

k1 ni namba chanya unayoichagua mwenyewe. Maji yakipungua, ongeza mtiririko kulingana na upungufu, yakizidi, punguza. Ukiweka q = α, kasi ya V1 inakuwa

```
dV1/dt = −k1·e² − (c/A)·e·(√h − √h*)
```

Tazama kipande cha mwisho. Maji yakiwa juu ya h\*, e na tofauti ya mizizi zote ni chanya. Yakiwa chini, zote ni hasi. Kwa vyovyote zao lao si hasi, na kwa kuwa mbele yake kuna alama ya kutoa, linasaidia deni kushuka. Tanki lenyewe linakulipia sehemu ya deni bure.

5. Lakini kwenye silabusi tunafuta kila kisicho cha mstari. Kwa nini wewe hukufuta √h?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana hapa ndipo watu wanapoharibu kazi wakidhani wanaitengeneza vizuri. Ukitaka kufuta, unachagua α = c·√h − k1·A·e. Mizizi inaondoka, unabaki na mlinganyo safi wa mstari na karatasi inapendeza. Lakini umelipa mara mbili.

Kwanza, umetupa msaada. Kile kipande kilichokuwa kinashusha V1 bila gharama umekiondoa, na sasa pampu inafanya kazi ambayo tundu la chini lilikuwa linaifanya.

Malipo ya pili yanakungoja kwenye hatua inayofuata, na ndiyo makali zaidi. Huko utahitaji kasi ya α. Ukiwa na √h ndani ya α, kasi yake inaleta c/(2√h), na hiyo haina mwisho tanki linapokaribia kukauka. Tuseme limebaki na milimita 0.1 ya maji, na pampu inaleta lita 4 kwa sekunde. Kwa namba za swali la 10, kipande hicho peke yake kitaiongezea pampu amri ya takriban lita 4 kwa sekunde. Maji yakibaki mara mia pungufu ya hapo, kitadai takriban lita 40. Na tanki tupu si jambo la nadra hapa kwetu: umeme ukikatika asubuhi nzima, jioni unaanzia pale pale kwenye sifuri.

Kanuni ninayoitumia ni hii: kabla ya kufuta kipande chochote, kizidishe kwa e uone alama yake. Kinachoshusha V kiache. Futa kile kinachoipandisha tu, kwa mfano ungekuwa na e² iliyosimama peke yake katika mlinganyo wa kwanza: e mara e² ni e³, ambayo upande mmoja inashusha deni na upande mwingine inalipandisha.

## Hatua ya pili: kurudi kwenye pampu

6. z ni nini, na u inapatikanaje?

q ya kweli si α. Tofauti yao ndiyo z = q − α, umbali kati ya mtiririko ulioutaka na ule ulio nao. Ukiirudisha kwenye hesabu ya tanki, dV1/dt inapata kipande kipya, e·z/A. Hilo ni deni ambalo hatua ya kwanza imeliacha bila kulipa, kwa kuwa alama yake haijulikani: linaweza kusaidia, linaweza kuumiza.

Unapanua daftari:

```
V2 = e²/2 + z²/(2γ)
```

Kisha unachagua u ili ifanye mambo matatu: ifidie mwendo wa α, ilipe lile deni la e·z/A, na iishushe z yenyewe kwa kasi ya k2, namba chanya nyingine unayoichagua:

```
u = q + τ·[ −k1·(q − c·√h) − γ·e/A − k2·z ]
```

Weka hiyo ndani ya mlinganyo wa pampu na utapata dz/dt = −k2·z − γ·e/A. Ukihesabu kasi ya V2, e·z/A kutoka hatua ya kwanza inakutana na −e·z/A kutoka hatua ya pili na zinauana. Kinachobaki:

```
dV2/dt = −k1·e² − (c/A)·e·(√h − √h*) − (k2/γ)·z²
```

Vyote vitatu vinashusha. Ukichagua k2 = 1/τ, kama nitakavyofanya chini, −τ·k2·z inakuwa −z na amri inasomeka vizuri: u ni α, pamoja na marekebisho mawili.

7. γ imetoka wapi? Kwenye mfano wa darasani haikuwepo.

Darasani mara nyingi V2 = e²/2 + z²/2, na hakuna kosa la kihesabu. Lakini angalia vipimo: e ni mita, z ni mita za ujazo kwa sekunde. Kujumlisha mraba wa moja na mraba wa nyingine ni kama kujumlisha kilo za unga na urefu wa barabara. γ ndiyo inayobadilisha moja iwe nyingine, kwa hiyo thamani yake ina maana ya kweli.

Ukiisahau umeiweka 1 bila kujua. Kwa tanki letu lenye upungufu wa sentimita 64, kipande τ·γ·e/A kinakuwa 20 × 1 × 0.64 / 2 = 6.4, yaani pampu inaamriwa itoe lita 6,400 kwa sekunde. Nimeiona amri ya namna hii kwenye kazi ya mwanafunzi. Uthibitisho wake ulikuwa sahihi mstari kwa mstari. Ukiweka γ = 0.0001, kipande kile kile ni lita 0.64.

8. Kasi ya α naipataje? Naweza kuchukua tofauti ya vipimo viwili vya sensa?

Usifanye hivyo. Uso wa maji yanayomiminwa haukai kimya, na ukigawa mitikisiko ya milimita kwa nusu sekunde unapata kelele tupu, kisha unaizidisha na kuipeleka kwenye mota.

Huna haja nayo. α inategemea h tu, na kasi ya h unaijua kutoka kwenye mlinganyo wa tanki: (q − c·√h)/A. Kwa hiyo kasi ya α ni −k1·(q − c·√h), bila kugawanya kipimo chochote kwa muda. Ndiyo sababu mbinu hii inahitaji mfano mzuri wa mfumo, na pia ndiyo sababu inahitaji upime q, si h peke yake.

9. Lile deni la e·z/A ni lazima nilifute? Nikiliacha je?

Kwa tanki hili, ukweli ni kwamba unaweza kuliacha. Ukiondoa −γ·e/A kwenye u, z inashuka yenyewe na kutoweka, na e inaifuata. Kuthibitisha unatumia γ ndogo ya kutosha: deni la kati linamezwa mradi γ iwe chini ya 4·k1·k2·A².

Usiligeuze hilo kuwa mazoea. Hapa tumeponea kwa sababu z inaingia kwenye tanki ikiwa imezidishwa kwa namba isiyobadilika, 1/A. Chukua mfumo mwingine ambamo z inazidishwa na x²:

```
dx/dt = −x + x²·z
dz/dt = −z
```

z inakufa kwa utulivu, na ukiiondoa x nayo inatulia. Ukizianzisha zote mbili kwenye 2, x inaruka hadi kutokuwa na mwisho baada ya sekunde 0.35 hivi, kabla z haijapata nafasi ya kufa. Ongeza −x³ kwenye mlinganyo wa z, ambayo ndiyo malipo ya deni la x·x²·z, na x²/2 + z²/2 inashuka kutoka popote unapoanzia.

## Tulijaribu kwa namba

10. Unaweza kupita mfano mmoja hatua kwa hatua?

A ni mita 2 za mraba, c ni 0.002, h\* ni mita 1, kwa hiyo q\* ni lita 2 kwa sekunde. τ ni sekunde 20 na pampu haivuki lita 6 kwa sekunde. Nimechagua k1 = 0.002, k2 = 0.05 na γ = 0.0001.

Maji yako kwenye sentimita 36 na yametulia pale: mzizi wa 0.36 ni 0.6, kwa hiyo inatoka na kuingia lita 1.2 kwa sekunde. Kosa e ni −0.64. Amri ya kubuni ni 0.002 + 0.002 × 2 × 0.64 = 0.00456, yaani lita 4.56. Pampu inatoa 1.2, basi z ni −3.36.

Sasa amri yenyewe. Kasi ya α ni sifuri, kwa sababu maji bado hayajaanza kusogea. Kipande cha k2 kinaifikisha u kwenye lita 4.56, na malipo ya deni la kati yanaongeza 0.64. Jumla ni lita 5.2 kwa sekunde, chini ya kikomo cha pampu. V2 inaanza kwenye 0.261: tanki lina 0.205, pampu ina 0.056. Kwa kuwa k1 ni ndogo kuliko k2, uthibitisho unakuahidi kwamba mzizi wa V2 utashuka angalau kwa kasi ya 0.002 kwa sekunde. Baada ya dakika 25 utakuwa umebaki na chini ya asilimia 5 ya ulivyoanza.

11. Nitajuaje kama nimekosea mahali?

Chora V2, si h. Mchoro wa h unaweza kupendeza hata alama moja ikiwa imegeuka, lakini V2 haidanganyi kirahisi: ikipanda hata kidogo, kuna kitu.

```python
from math import sqrt
A, c, tau, hs = 2.0, 0.002, 20.0, 1.0
k1, k2, g = 0.002, 0.05, 1e-4
qs = c*sqrt(hs)
h, q, dt = 0.36, 0.0012, 0.5
for n in range(4000):
    e = h - hs
    z = q - qs + k1*A*e
    V = e*e/2 + z*z/(2*g)
    u = q + tau*(-k1*(q - c*sqrt(h)) - g*e/A - k2*z)
    if n % 400 == 0: print(n*dt, h, V)
    h, q = h + dt*(q - c*sqrt(h))/A, q + dt*(u - q)/tau
```

V ikipanda, kwanza punguza `dt`. Ikiacha kupanda, tatizo lilikuwa hatua ya hesabu. Ikiendelea, kagua alama ya kasi ya α. Kwa uzoefu wangu ndipo wengi wanapojikwaa, maana α ina −k1 na u inaitaka bila kugeuzwa tena.

## Pembezoni, pale uthibitisho unapokwama

12. Asubuhi watu ni wengi na c inabadilika. Itakuwaje?

Maji hayatafika mita 1. Tuseme mabomba yamefunguliwa zaidi na c ya kweli ni 0.003, huku kidhibiti kikiamini bado ni 0.002. Ukitafuta mahali ambapo kila kitu kinasimama, unapata h ya takriban sentimita 84. Mfumo umetulia vizuri kabisa, ila umetulia mahali pasipo pake.

Dalili yake ni hiyo: hakuna mtikisiko, kuna pengo tu lisiloisha. Kuongeza k1 kunalipunguza pengo lakini hakuliondoi. Dawa ni kukumbuka makosa yaliyopita, yaani kuongeza mkusanyiko wa e kama hali ya tatu na kuiweka kwenye V1 tangu hatua ya kwanza, au kukadiria c huku mfumo ukienda.

13. Pampu ikifika kikomo chake?

Basi u uliyoiandika siyo inayoingia, na V2 ina ruhusa ya kupanda kwa muda. Katika tanki hili si balaa. Maji yakizidi mno α inakuwa hasi, pampu inazimika tu, na maji yanashuka yenyewe kwa kutokea chini. Kwenye mfumo ambao ukiachwa peke yake unakimbia, kufika kikomo kunaweza kuwa mwisho wa mchezo, na hakuna k1 itakayokuokoa.

14. Mwalimu, kwani kidhibiti cha kawaida cha PI hakitoshi?

Kwa tanki hili kinatosha. Mimi mwenyewe ningekifunga hicho, na kingeziba pengo la swali la 12 bila kuijua c. Nimetumia tanki kwa sababu kila kipande cha V kina maji unayoweza kuyaona. Baksteping inaanza kulipa gharama zake pale ambapo sehemu isiyo ya mstari inasukuma nje na unataka uhakika ukianzia mbali, kama ule mfumo wa x² katika swali la 9.

15. Na vikusanyaji vikiwa vitatu au vinne?

Unarudia hatua ya swali la 6: α mpya, z mpya, kipande kipya kwenye V, na deni la kati linalipwa na anayefuata. Kinachochosha ni kasi za α. Ya tatu inahitaji kasi ya ya pili, ambayo ndani yake ina kasi ya ya kwanza, na ukifika ya nne mlinganyo mmoja unajaza ukurasa. Wengi hupitisha kila α kwenye kichujio kidogo na kuchukua kasi ya kichujio badala yake. Hesabu inakuwa fupi, ila kichujio kinaleta kosa lake, na V haishuki tena mpaka sifuri kabisa. Inaishia karibu nayo.